Chuma Kimoja Kati ya Thelathini na Saba

Mkaguzi ameshuka chini ya daraja la chuma lenye urefu wa mita 30. Amepiga nyundo hapa na pale, amekwangua rangi, na karibu kila mahali ameridhika. Lakini chuma kimoja cha chini, mita chache kabla ya kufika katikati, kinambanduka mkononi kwa magamba kama ya samaki. Matope ya barabarani yamekuwa yakidondoka pale mwaka baada ya mwaka, yakakaa na unyevu, kutu ikala. Mkaguzi anapima unene uliobaki, anauandika kwenye daftari, kisha anabaki na swali moja tu: malori yanapopita juu, chuma hiki kinavutwa kwa tani ngapi?

Hana haja na vyuma vingine. Anataka hiki kimoja. Na ipo njia ya kukihoji chuma kimoja bila kuwahoji jirani zake wote, ambayo wahandisi wameitumia tangu karne ya 19. Inahitaji karatasi, kalamu na hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Tulichore kwanza daraja lenyewe. Mafundi wa paa wanaijua kenchi: vipande vya mbao au chuma vilivyoungwa kwa pembetatu ili kubeba bati au vigae. Daraja la namba hii ni kenchi mbili ndefu zilizosimama ubavuni, moja kila upande, na barabara katikati yao. Hesabu yetu ni ya kenchi moja. Ina vyumba 10, kila kimoja upana wa mita 3, na kimo chake ni mita 4. Viungo vya chini tuvipe namba kuanzia 0 upande wa kushoto hadi 10 kulia. Viungo vya juu viko wima juu ya vile vya chini, kuanzia namba 1 hadi 9. Kuna vyuma vya chini vinavyofuatana kwa mstari, vyuma vya juu vinavyofuatana kwa mstari, vyuma vya wima, na vyuma vya mshazari ambavyo kila kimoja kinaanza juu na kushuka kuelekea katikati ya daraja. Ni miwili tu ya ncha, kushoto kabisa na kulia kabisa, inayoshuka kuelekea nje hadi kwenye nguzo. Ukihesabu vyote unapata 37.

Mzigo unashukia kwenye viungo vya chini. Tuseme kila kiungo, kuanzia namba 1 hadi 9, kinabeba tani 6: tani 2 ni uzito wa daraja lenyewe na tani 4 ni magari yanapolijaza. Jumla ni tani 54. Mzigo umepangika sawasawa, kwa hiyo kila nguzo inainua nusu yake, tani 27. (Mhandisi kwenye michoro yake ataandika kilonyutoni, ambazo ni kama mara kumi ya tani, hesabu haibadiliki.)

Chuma chenye kutu ni kile cha chini kati ya kiungo namba 3 na namba 4.

Njia ambayo wengi hufundishwa kwanza ni ya kutembea kiungo kwa kiungo. Unaanza kwenye nguzo ya kushoto, ambako vyuma viwili tu vinakutana, unavisawazisha na nguvu ya nguzo, unapata majibu mawili. Unasogea kiungo cha pili ukibeba majibu hayo, unapata mengine mawili. Kwa daraja letu utapita viungo sita na kutafuta nguvu 12 kabla hujakifikia kile chuma. Si vibaya kama unataka vyote. Ila ukikosea alama ya kutoa kwenye kiungo cha pili, kosa hilo utatembea nalo hadi mwisho, na hakuna kitakachokuambia kwamba jibu la kumi na mbili limepotoka. Kenchi ikiwa na vyumba 30, ndivyo safari inavyozidi kuwa ndefu na jibu kuzidi kuning'inia juu ya majibu ya nyuma yake.

Mwalimu aliyenifundisha njia ya pili alikuwa na mazoea ya kuchora kenchi nzima ubaoni, kisha kuchukua daftari na kufunika upande wote wa kulia. Nilimuuliza, "Mwalimu, na vile vyuma vya kulia je?" Akanijibu, "Hao wameshasema, mwanangu. Wamesema kupitia hivi vitatu." Akagonga kwa chaki mahali ambapo ukingo wa daftari ulikata vyuma vitatu. Sikumwelewa siku ile. Siku hizi sioni namna bora ya kuieleza.

Maana yake ni hii. Daraja zima limetulia, haliendi juu wala chini, kushoto wala kulia, wala halizunguki. Kitu kizima kikiwa kimetulia, basi kila kipande chake nacho kimetulia, ukikate popote unapotaka. Ukipitisha mkato wa kufikirika katika chumba cha nne, kati ya kiungo 3 na 4, unakata vyuma vitatu: cha juu, cha mshazari na cha chini. Kipande cha kushoto hakijui lolote kuhusu upande wa kulia isipokuwa kile kinachopitishwa na vyuma hivyo vitatu. Kila kilichoko ng'ambo, uzito, nguzo, vyuma vyote vilivyobaki, kimebanwa ndani ya mivuto au misukumo mitatu. Kwa hiyo futa upande wa kulia, na mahali pa kila chuma kilichokatwa weka mshale unaoonyesha chuma hicho kinakivuta vipi kipande kilichobaki.

Sasa tuna mishale mitatu tusiyoijua ukubwa wake, na tuna masharti matatu ya utulivu: nguvu za juu na chini zisawazishane, za kushoto na kulia zisawazishane, na kusiwe na mzunguko. Matatu kwa matatu. Hii ndiyo sababu ya kanuni ambayo wanafunzi huikariri bila kuambiwa chanzo chake, kwamba mkato usipite zaidi ya vyuma vitatu visivyojulikana.

Lakini hata kutafuta vitatu kwa pamoja ni kazi ya ziada kwa mtu anayetaka kimoja. Utamu wa njia hii uko kwenye sharti la mzunguko.

Mtu aliyebeba mzega anajua suala hili kwa bega lake. Ndoo ya kilo 20 iliyoning'inia sentimita 60 kutoka begani husawazishwa na ndoo ya kilo 15 iliyoko sentimita 80 upande wa pili, kwa sababu 20 mara 60 ni sawa na 15 mara 80. Kinachozungusha ni uzito ukizidishwa kwa umbali wake, na wahandisi hukiita momenti. Na kitu kilichokaa juu ya bega lenyewe, hata kingekuwa kizito vipi, hakiuzungushi mti ule kwa upande wowote. Kinaumiza bega, basi.

Hiyo ndiyo silaha. Ukichagua mahali pa kuweka bega, nguvu yoyote inayopita hapo inatoweka kwenye hesabu ya mzunguko. Tunatafuta chuma cha chini. Vile viwili tusivyovihitaji, cha juu na cha mshazari, vinaanzia pamoja kwenye kiungo cha juu namba 3. Basi bega liwe hapo. Vyote viwili vinapita begani, vyote viwili vinatoweka, na kinabaki kile tunachokitaka peke yake.

August Ritter, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1826, aliieleza njia hii kwa namna hiyo hasa katika kitabu chake cha hesabu za mapaa na madaraja ya chuma mwanzoni mwa miaka ya 1860: kwa kila chuma unachokitafuta, zungusha kuhusu mahali ambapo vile vingine viwili vinakutana. Hakuwa mtu wa kwanza kukata kenchi kwenye karatasi. Wajerumani wenzake wawili, Karl Culmann na Johann Schwedler, walikuwa wameshachapisha kazi zao kuhusu kenchi mwaka 1851. Lakini uchaguzi ule wa mahali pa kuzungushia ndio uliobaki na jina lake, na Ujerumani hadi leo huuita mkato wa Ritter.

Tuhesabu basi. Kipande cha kushoto kina nguzo inayoinua kwa tani 27, na nguzo hiyo iko mita 9 kutoka kiungo namba 3. Momenti yake ni 27 mara 9, yaani 243. Kiungo namba 1 kina tani 6 zinazosukuma chini kwa umbali wa mita 6, hizo ni 36. Kiungo namba 2 kina tani 6 kwa umbali wa mita 3, hizo ni 18. Kiungo namba 3 nacho kina tani 6, lakini kiko wima chini ya bega letu, kwa hiyo umbali wake ni sifuri na hakizungushi chochote. Nguzo inainua na mizigo inashusha, basi toa: 243 kutoa 36 kutoa 18 inabaki 189.

Mzunguko huo wa 189 ni lazima uzuiwe na chuma cha chini, maana ndicho pekee kilichobaki kwenye hesabu. Kiko mita 4 chini ya bega. Gawanya 189 kwa 4: tani 47.25.

Kinavutwa au kinabanwa? Usikimbilie alama za kujumlisha na kutoa; kitazame kipande kwa macho. Nguzo inaunyanyua mkia wa kushoto huku kiungo cha juu namba 3 kikiwa kama bawaba. Kipande kikiachiwa, mkato utafunguka chini na kufunga juu, kama mtu anayevunja kijiti kwa kukisukuma katikati kutoka juu. Chuma cha chini kinazuia mwanya usifunguke, kwa hiyo kinavutwa. Cha juu kinabanwa. Jibu la mkaguzi limepatikana kwa mistari mitatu ya hesabu, bila kugusa kiungo kingine chochote.

Na hesabu hii ina kitu ambacho safari ya kiungo kwa kiungo haina: unaweza kuisahihisha mwenyewe papo hapo. Ondoa daftari, funika upande wa kushoto, ufanye yaleyale kwa kipande cha kulia, bega likiwa palepale. Nguzo ya kulia iko mita 21, kwa hiyo 27 mara 21 ni 567. Viungo kuanzia namba 4 hadi 9 viko umbali wa mita 3, 6, 9, 12, 15 na 18, jumla yake 63, mara tani 6 ni 378. Toa, inabaki 189. Namba ileile kwa njia ambayo haikutumia hata mzigo mmoja wa upande ule wa kwanza. Zikitofautiana, kuna kosa, na utalijua kabla halijafika kwenye chuma cha kweli.

Makosa yenyewe nimeyaona yakirudi kwa sura zilezile. La kwanza ni kuchukua mzigo usio wako. Ukiwa umebaki na kipande cha kushoto, mizigo yako ni ya kiungo 1, 2 na 3 peke yake. Wa namba 4 uko ng'ambo ya mkato, hata kama kiungo namba 4 kinakutazama karibu karibu. Dawa ni kukichora kipande upya peke yake, mahali pengine pa karatasi, badala ya kukiazimia mchoro wa daraja zima. La pili ni kuisahau nguzo, na hapo jibu hutoka dogo na kwa upande wa kinyume, chuma cha chini kikionekana kimebanwa katika daraja linalobebwa ncha zote mbili. Jibu kama hilo likitoka, rudi. La tatu ni mkato unaokatisha vyuma vinne, kwa mfano pale mshazari miwili inapopishana kama herufi X ndani ya chumba kimoja. Kenchi ya namna hiyo imefungwa zaidi ya inavyohitaji, na masharti matatu ya utulivu hayatoshi kuamua kila mshazari unabeba kiasi gani. Hapo njia hii inakoma, na inabidi uhesabu pia jinsi vyuma vinavyonyooka na kufupika.

Mshazari unahitaji maelezo yake, kwa sababu pale kanuni ya Ritter inakwama kidogo. Ukitaka kuutafuta mshazari kwa mzunguko, bega linapaswa kuwa mahali ambapo chuma cha juu na cha chini vinakutana. Katika daraja letu hivyo viwili viko sambamba na havikutani popote. Basi tumia sharti jingine. Vyuma vya juu na chini vimelala, haviwezi kuinua wala kushusha. Kati ya vile vitatu, ni mshazari pekee unaoweza. Katika chumba cha nne, nguzo inainua 27, mizigo mitatu inashusha 18, inabaki 9 juu. Mshazari ni lazima uvute chini kwa tani 9. Una urefu wa mita 5 kwa kimo cha mita 4, kwa hiyo nguvu yake yote ni 9 mara 5 gawanya kwa 4, tani 11.25, nao unavutwa.

Sasa hamia chumba cha tano, kinachogusa katikati ya daraja. Nguzo 27, mizigo minne 24, inabaki 3, mshazari unavutwa kwa tani 3.75 tu. Kidogo sana. Mtu angesema mshazari wa katikati uwe mwembamba, daraja likijaa haufanyi kazi kubwa.

Lakini daraja halijai siku zote. Tuseme msururu wa malori umeingia kutoka kulia na umefika katikati tu: viungo namba 5 hadi 9 vina tani 4 za magari, na vingine vina uzito wa daraja peke yake, tani 2 kila kimoja. Kata palepale. Uzito wa daraja unaacha tani 1 ya kuinua. Magari ya kulia yanaifanya nguzo ya kushoto iinue tani 6 zaidi, na upande wa kushoto hakuna gari hata moja la kuzipunguza. Jumla 7, na mshazari sasa unavutwa kwa tani 8.75. Tumeondoa karibu nusu ya magari, na nguvu imezidi maradufu.

Geuza: msururu umeingia kutoka kushoto, umejaza viungo namba 1 hadi 4. Magari hayo yanaifanya nguzo ya kushoto iinue tani 12, lakini yenyewe yanashusha 16. Tofauti ni 4 kuelekea chini. Jumlisha ile tani 1 ya uzito wa daraja inayoelekea juu, zinabaki 3 chini. Mshale wa mshazari umegeuka. Chuma kilichokuwa kinavutwa kwa 3.75 sasa kinabanwa kwa 3.75 ileile.

Hili si jambo la kupuuzwa. Chuma chembamba kinavumilia kuvutwa vizuri sana, kama kamba. Kikibanwa kinabetuka ubavuni mapema mno, kama fito ndefu uliyoiegemea kwa mkono. Mpangilio huu wa mshazari unaoshuka kuelekea katikati uliandikishiwa hataza Marekani mwaka 1844 na Thomas na Caleb Pratt, na wazo lake lilikuwa kwamba vyuma virefu vya mshazari vivutwe na nguzo fupi za wima, zilizokuwa za mbao, zibanwe. Karibu na katikati ya daraja, mzigo unaotembea unaweza kuuvunja mpango huo. Ndiyo maana katika madaraja ya zamani ya aina hii utaona vyumba vya katikati vina mshazari wa pili unaopishana na wa kwanza: mmoja ukielekea kubanwa, mwingine unaanza kuvutwa. Kompyuta leo hutoa nguvu za vyuma vyote 37 kwa kubonyeza mara moja, lakini inajibu kwa mzigo uliouweka tu. Asiyewahi kuukata mshazari wa katikati kwa mkono wake hajui kwamba anapaswa kuijaribu kwa nusu daraja.

Kuna mkato mwingine ambao wengi hawaupitishi. Tumekata vyuma katikati ya chumba, mahali pazuri pa wazi. Lakini vyuma havishikani kwa hewa. Kwenye kila kiungo kuna bamba, na bolti au ribiti zinazovifunga juu ya bamba hilo. Tazama kiungo cha juu namba 3 daraja likiwa limejaa. Chuma cha juu kinachokuja kutoka kushoto kinabanwa kwa tani 47.25, kinachoondoka kulia kinabanwa kwa tani 54. Hizo 6.75 za tofauti zimetoka wapi? Ni sehemu ya mlalo ya mshazari ule wa tani 11.25, nazo zimepita ndani ya bamba. Pitisha mkato kwenye bamba lenyewe, chini kidogo ya chuma cha juu, na bamba lazima lizibebe zote.

Tarehe 1 Agosti 2007, daraja la I-35W juu ya mto Mississippi mjini Minneapolis, Marekani, lililofunguliwa mwaka 1967, lilianguka jioni likiwa na magari. Watu 13 walikufa na 145 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa bodi ya serikali ya usalama wa usafiri ulikuta kwamba mabamba kwenye kiungo kilichoitwa U10 yalikuwa na unene wa nusu inchi, yaani milimita 13 hivi, takriban nusu ya unene uliohitajika. Siku hiyo kulikuwa na kazi ya ukarabati, na vifaa na vifusi vizito vya ujenzi vilikuwa vimerundikwa juu ya daraja. Vyuma havikuwa chanzo. Yalikuwa mabamba yanayoviunganisha, na makosa yalitoka kwenye usanifu, miaka 40 kabla.

Turudi kwa mkaguzi na daftari lake. Tuseme chuma chake kilipokuwa kipya kilikuwa na sentimita za mraba 40 zinazobeba, mashimo ya bolti yakiwa yameshatolewa. Chuma cha kawaida huruhusiwa kuvutwa kiasi cha tani 1.5 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo kilikuwa na ruhusa ya tani 60, na 47.25 ilikaa humo kwa raha. Sasa, palipolika zaidi, amepima 30. Ruhusa imeshuka hadi tani 45. Chuma hakitakatika leo, maana kiwango hicho cha usalama kiko chini sana ya nguvu ya kukikata, lakini akiba iliyowekwa kwa ajili ya mambo yasiyotarajiwa imeanza kuliwa, na kutu hailali.

Hesabu ileile inampa na uamuzi. Kila tani 1 iliyowekwa kwenye viungo vyote tisa inakivuta chuma hiki kwa tani 7.875. Uzito wa daraja peke yake, tani 2 kwa kiungo, unachukua 15.75. Kutoka 45 zinabaki 29.25 kwa ajili ya magari, ambazo ni tani 3.7 kwa kiungo mahali pa 4. Kibao cha uzito barabarani kishushwe kupita hapo, kwa sababu kutu itaendelea kula hadi siku ya matengenezo, kisha chuma kibadilishwe au kiongezewe ubao wa chuma ubavuni.

Na fundi atakayekwenda kukibadilisha aambiwe namba moja kabla hajachukua spana. Daraja likifungwa, magari yote yakiondoka, asubuhi tulivu isiyo na hata baiskeli juu yake, chuma kile bado kinavutwa kwa tani 15.75. Asilegeze bolti hata moja mpaka daraja liwe limeegemezwa kutoka chini, au vyuma vya muda viwe vimefungwa na kukazwa kuibeba nguvu hiyo.